Onyo la Mafuriko kwa Sauti: Namna Simu ya Halmashauri Inavyomfikia Asiyesoma Ujumbe

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Kwa miaka kadhaa taarifa za hatari zimekuwa zikitumwa kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Njia hiyo ni rahisi na ya haraka, lakini ina tundu moja kubwa. Bibi anayeishi na wajukuu bondeni anayo simu, na anaitumia kila siku kuongea na wanawe walioko mjini; hata hivyo, ujumbe wa maandishi ukiingia, hausomi. Unakaa humo pamoja na matangazo ya vifurushi na bahati nasibu mpaka mjukuu arudi kutoka shule. Wapo pia wanaojua kusoma vizuri kabisa, ila wameacha kuufungua ujumbe wowote kwa sababu ya wingi wa matangazo na utapeli. Kwa mto unaopanda usiku, watu hawa wa aina mbili wako katika hali moja: taarifa imefika kwenye simu, haijamfikia mwenye simu.

Simu inayolia ni jambo jingine. Huhitaji kujua kusoma ili uipokee, na hata mtu aliyelala huamshwa nayo. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoifikia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 yalitokea alfajiri, saa ambayo wengi hawana simu mkononi wala macho kwenye kioo chake. Saa kama hiyo, onyo lolote linalotegemea mtu afungue ujumbe limekwisha kuchelewa.

Simu ya sauti inayojipiga yenyewe hufanya kazi hivi. Sauti ya mtu hurekodiwa kabla. Kompyuta huunganishwa na mtandao wa simu, hupewa orodha ya namba, kisha hupiga namba nyingi kwa wakati mmoja. Mtu akipokea, huchezewa ile sauti iliyorekodiwa. Asipopokea, kompyuta huandika kwamba hakupokea na kumrudia baadaye. Hakuna ajabu hapo, na si jambo jipya duniani. Nchini Kambodia, utaratibu wa namna hii ulianza kujaribiwa mwaka 2013 katika jimbo la Pursat. Mwanakijiji hupiga namba fupi, 1294, anaelekezwa kwa sauti abonyeze tarakimu ya eneo lake, na tangu hapo hupigiwa maji yanapotishia eneo hilo. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba hata kujiandikisha kunafanyika kwa sauti, kwa sababu fomu ya kujaza ingewaacha nje walewale waliokusudiwa.

Ugumu hauko kwenye mitambo. Uko kwenye mambo madogo ambayo mtu huyaona tu simu zikishaanza kupigwa, na kubwa kuliko yote ni orodha ya namba.

Orodha nyingi za vijiji zimekusanywa kwa ajili ya kazi nyingine: pembejeo, michango ya shule, vikundi vya mikopo. Mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya huyo huondoka na simu yake. Akiwa mnadani au ziwani, onyo litamfikia yeye huko aliko, huku mke na watoto waliolala kando ya mto hawajui lolote. India, ambako mpango uitwao Kilkari huwapigia wajawazito na wazazi wapya simu zenye mafunzo ya afya, tatizo hilohilo limeonekana: simu iliyoandikishwa kwa jina la mama huwa mkononi mwa baba. Kwa hiyo, swali linaloulizwa wakati wa kuandikisha si la nani mwenye simu. Ni hili: usiku wa manane, ni simu gani inayobaki katika nyumba hii? Kama hakuna inayobaki, iandikwe ya jirani aliye karibu kiasi cha kusikika akiita, na jirani mwenyewe akubali mbele ya mwandikishaji kwamba atakwenda kugonga mlango.

Orodha hiyo huharibika kwa njia za kuchekesha. Namba ya simu hapa nchini ina tarakimu kumi na huanza na sifuri. Ikiingizwa kwenye jedwali la kompyuta bila kuiambia kompyuta kwamba hiyo ni maandishi, sifuri ya mwanzo hutoweka, maana kwa hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Karani huona orodha safi yenye majina na namba, lakini kila namba ina tarakimu tisa, na simu hazitoki. Dawa ni kuhesabu tarakimu kabla ya kupiga. Dawa iliyo bora zaidi ni mwandikishaji kuipiga namba palepale, mlangoni, aisikie ikilia ndani ya nyumba. Inachukua nusu dakika na inaondoa makosa mengi kuliko ukaguzi wowote wa ofisini. Hata hivyo orodha itachakaa. Watu hupoteza laini, na laini iliyokaa bila kutumika hupewa mteja mwingine. Orodha isiyojaribiwa kwa mwaka mzima haifai kuaminiwa.

Baada ya orodha ni sauti yenyewe. Simu hupunguza sauti ya mtu: huacha nje mivumo mizito sana na ile myembamba sana. Sauti nzito iliyopendeza kwenye redio inaweza kusikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Rekodi, kwa hiyo, hufanywa mahali pakimya, msemaji akitamka polepole kuliko kawaida yake, kisha husikilizwa kupitia simu ndogo ya bei nafuu, nje, kwenye upepo na kelele, si kupitia vipaza sauti vya ofisini. Neno lisiloeleweka hapo hubadilishwa. Namba na majina ya mahali ndiyo hupotea kwanza.

Ipo pia adabu ya kuongea, na hapa mtambo hukosea kwa urahisi. Mtu akipokea simu huanza yeye: "Halo? Nani mwenzangu?" Rekodi ikianza mara tu simu inapopokelewa, maneno yake ya kwanza hufunikwa na sauti ya mpokeaji. Kwa sababu hiyo huachwa kimya cha sekunde mbili. Kisha inakuja salamu, na salamu kwa Mswahili hudai jibu. Mzee akisikia "Habari za usiku" atajibu, naye atasubiri aulizwe habari za nyumbani, kumbe rekodi imekwisha kulitaja jina la mto. Ndiyo maana baada ya salamu huwekwa kituo kifupi, na mara moja msemaji hujitambulisha na kusema wazi kwamba hii ni sauti iliyorekodiwa. Habari yenyewe husemwa mara mbili, neno kwa neno, pasipo kubadilisha lugha mara ya pili. Anayesikia maneno tofauti hudhani ni habari mbili.

Ujumbe unaofaa unaweza kuwa kama huu:

"Habari. Hii ni sauti iliyorekodiwa ya Mtendaji wa Kata. Ni onyo la mafuriko. Maji ya mto yanapanda na yanaweza kufika kwenye nyumba za bondeni usiku huu. Ondokeni sasa, nendeni shule ya msingi iliyo juu. Msivuke mto. Chukueni watoto, wazee na dawa. Narudia."

Ukisomwa mara mbili kwa mwendo wa pole, hauzidi dakika moja. Tazama kilichoachwa: hakuna utangulizi wa cheo kirefu, hakuna milimita za mvua, hakuna kusema "wananchi wanaombwa kuchukua tahadhari". Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vyake vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na viwango hivyo vina maana kwa kamati inayoamua. Aliyeamshwa saa nane usiku anahitaji kuambiwa aende wapi na apitie wapi. Ikiwa kata ina wazee wanaoelewa zaidi lugha yao ya nyumbani, rekodi ya pili huandaliwa, na lugha ya kila mtu huulizwa siku ya kuandikisha. Kumwambia abonyeze moja kwa Kiswahili au mbili kwa lugha nyingine usiku wa hatari ni kumpotezea muda. Zaidi ya hapo, kwenye simu za kioo tarakimu hujificha mtu anapoweka simu sikioni, na wengi hawajui namna ya kuzirudisha.

Sasa ichukuliwe kata ya mfano yenye vitongoji vitatu kando ya mto na namba 900 kwenye orodha. Mtambo wa kata hiyo unaweza kupiga simu 30 kwa pamoja. Kila simu, ukihesabu kulia, kupokelewa na ujumbe kusikilizwa hadi mwisho, inachukua kama sekunde 80. Ina maana kila njia itapiga namba 30, moja baada ya nyingine, na kazi yote itachukua dakika 40. Dakika 40 si kitu kwa tangazo la mkutano. Kwa maji ni nyingi. Kwa sababu hiyo orodha haipigwi kwa mpangilio wa herufi za majina. Hupangwa kwa kimo cha ardhi: kitongoji kilicho chini kabisa kwanza, na ndani yake nyumba zenye walemavu, wagonjwa na wazee wanaoishi peke yao zitangulie, kwa kuwa hao ndio wanaohitaji muda mrefu zaidi wa kuondoka. Kama kitongoji cha kwanza kina namba 240, chote kitakuwa kimepigiwa ndani ya dakika 11 hivi.

Saa moja jioni kamati ya kata inakubaliana kupiga. Uamuzi huo hauachiwi mtu mmoja: mmoja huandaa, mwingine huthibitisha rekodi iliyochaguliwa na orodha iliyochaguliwa. Kitufe cha jaribio na kitufe cha onyo la kweli havipaswi kufanana. Visiwani Hawaii, tarehe 13 Januari 2018, onyo la kombora lilitumwa kwenye simu za watu kwa makosa wakati wa zoezi, na ujumbe wa kusahihisha ukachukua dakika 38 kufika. Rekodi ya kusema "onyo lililopita lilikuwa la makosa" inapaswa kuwapo tayari tangu siku ya kwanza, karibu na ile ya onyo.

Dakika 11 baadaye taarifa za kitongoji cha kwanza zinaonekana. Namba 240 zimepigwa. 150 zimepokelewa, 50 zimelia bila kupokelewa, 40 hazipatikani. Mtu asiye na uzoefu atasema watu 150 wameonywa. Lakini kupokea si kusikia. Kipimo ni muda ambao simu ilibaki wazi. Aliyekata baada ya sekunde sita hajasikia chochote zaidi ya salamu. Kama kati ya wale 150 wapo 30 waliokata mapema, hao hurudishwa kwenye foleni pamoja na wale 50. Na kama wengi wamekata katika sekunde ileile, kosa halimo kwa watu. Mara nyingi rekodi ina kimya kirefu mahali hapo, nao wamedhani simu imekatika.

Duru ya pili huja baada ya dakika tano hivi. Ikirudiwa papo hapo, mtu ambaye bado anaitafuta simu gizani hataiwahi tena. Ikicheleweshwa sana, maji hayasubiri. Duru tatu zinatosha. Zaidi ya hapo ni kumsumbua aliyekwisha kuamua kutopokea, naye lazima afikiwe kwa miguu.

Zile 40 zisizopatikana zinasomwa kwa jicho tofauti. Zikiwa zimetawanyika, huenda ni simu zilizozimwa au zilizoisha chaji, jambo la kawaida pasipo na umeme. Lakini zikiwa zote za upande mmoja wa kitongoji, au zikianza kukosekana zote kwa mara moja, mnara umezimika. Hapo kuendelea kupiga ni kazi bure. Mwenyekiti wa kitongoji hupewa majina, naye hutuma pikipiki na kipaza sauti, na msikiti au kanisa lenye vipaza sauti huombwa litangaze. Huu ndio upungufu mkubwa wa simu ya sauti, na haufichiki: mvua iletayo mafuriko ndiyo pia ikatayo umeme wa mnara. Simu hupigwa mapema, mnara ungali hai, na orodha ya wasiofikiwa hupelekwa kwa watu wenye miguu. Faida yake juu ya kipaza sauti peke yake ni kwamba inasema ni nyumba zipi hazijasikia, hivyo mwenye pikipiki haanzi kuzunguka kata nzima.

Wapo watakaoiona simu waliyoikosa na kuipigia namba hiyo. Kubip na kupigiwa ni desturi yetu, na mtambo mzuri huitumia: ukipigiwa, hukata, kisha humpigia mtu huyo na kumsomea onyo, asitozwe hata senti. Namba isiyopokea simu za kurudi humfanya mtu adhani ametapeliwa.

Na utapeli ndio unaofanya wengi wasipokee namba ngeni. Ni haki yao. Kinga ya kwanza ni halmashauri kutumia namba moja tu, isiyobadilika, kwa maonyo peke yake. Namba hiyo isitumike kukumbusha ushuru wala kualika watu kwenye sherehe. Ikizoeleka kwa mambo madogo, usiku wa hatari itaachwa ilie. Kinga ya pili inafanyika siku ya kuandikisha. Mwandikishaji huihifadhi namba hiyo kwenye simu ya mkazi na kuipa mlio wake wa pekee, tofauti na milio mingine yote. Simu nyingi, hata ndogo za vitufe, zinaruhusu jambo hili. Asiyesoma hatahitaji kulitazama jina kwenye kioo, kwani mlio wenyewe umekwisha kumwambia anayepiga ni nani. Kinga ya tatu ni kujua simu hiyo haifanyi nini. Haiulizi namba ya siri, haiombi fedha, haiulizi namba ya kitambulisho cha taifa, wala haimwambii mtu abonyeze chochote ili apokee msaada. Simu inayofanya mojawapo ya hayo si ya halmashauri, hata kama imeiga sauti ya Mtendaji, na namba yake inaweza kuripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Imeulizwa kama simu hizo zinaweza pia kuwakumbusha watu kliniki na dawa. Zinaweza, ila kwa uangalifu wa aina nyingine. Onyo la mafuriko ni heri lisikike na nyumba nzima. Habari ya ugonjwa wa mtu si ya nyumba nzima, na sauti inayotoka kwenye simu iliyowekwa kipaza sauti husikika sebuleni kote. Ujumbe wa namna hiyo utasema tu kwamba kuna miadi kituoni siku fulani, bila kutaja dawa wala kitengo. Kazi hizo mbili zitenganishwe, orodha mbali, namba mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka namba iliyotolewa kwa kazi moja isitumiwe kwa nyingine bila mwenyewe kujua na kukubali. Mgombea, mfanyabiashara au kikundi chochote kikiomba orodha ya maonyo, jibu ni hapana, na mkazi ana haki ya kuomba namba yake ifutwe.

Viziwi hawafikiwi na sauti, na mtetemo wa simu hauwaamshi wote. Kila nyumba yenye kiziwi huwekewa alama kwenye orodha, akaandikwa jirani mmoja atakayekwenda kumshika bega. Jirani huyo hupigiwa katika kundi la kwanza, hata kama nyumba yake mwenyewe iko mlimani.

Uandikishaji unafanywa na wenyeviti wa vitongoji, nyumba kwa nyumba. Mkazi ajiandae na mambo manne: simu inayobaki nyumbani usiku ikiwa na chaji ili ipigwe palepale, jina la jirani wa pili, lugha anayoielewa vizuri zaidi, na mtu yeyote wa nyumba hiyo asiyeweza kutembea au kusikia. Baada ya hapo itakuja simu ya jaribio, mchana, ikianza na kumalizia kwa maneno "hili ni jaribio". Ambaye simu yake haitalia siku hiyo aende ofisi ya kijiji kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa namba yake itakuwa imeandikwa vibaya.